Sukari ya Magomeni Iko Wapi?

Saa mbili kasorobo asubuhi nilikuwa nimesimama kando ya Barabara ya Morogoro, pale Magomeni, milango ya nyuma ya Haisi iko wazi, na mbele ya macho yangu zimepangwa ndoo nane za mafuta ya kula. Mafuta hayo ni ya Mbezi. Magomeni wanataka sukari.

"Dogo," nikamwuliza utingo wangu, "sukari iko wapi?"

Akanyoosha kidole, kwa heshima zote, kuelekea kwenye usukani. "Kule mbele kabisa, anko. Si ndiyo tuliyoanza nayo?"

Hakuwa na kosa. Karatasi ya bosi ilisema namba moja Magomeni, namba mbili Manzese, tatu Ubungo, nne Kimara, tano Mbezi. Kijana amesoma shule, anajua kusoma kutoka juu kwenda chini. Makuli wa stoo ya Kariakoo nao wakaitiwa hivyo hivyo: "Leteni ya Magomeni!" Ikaja, ikasukumwa hadi nyuma ya viti. "Leteni ya Manzese!" Ikafuata. Walipofika Mbezi palikuwa pamebaki nafasi ya ndoo nane tu mlangoni, wakazibana humo na kufunga milango kwa bega. Gari likawa limepakiwa vizuri sana kwa mtu anayeanzia Mbezi na kurudi mjini kinyumenyume.

Sasa hesabu nami. Ili kuifikia mifuko minne ya sukari ya kilo 50 na kreti kumi za soda, ilibidi tushushe ndoo nane za Mbezi, mifuko sita ya sembe ya Kimara, katoni kumi za maji ya Ubungo, na mafungu mawili ya trei za mayai ya Manzese. Vitu 26. Vikashuka 26, vikapanda tena 26. Hiyo ni mara 52 ya kuinua, na hata shilingi haijaingia. Trei za mayai, kwa kuwa zilipakiwa za pili, zilikuwa zimekaa sakafuni zimeegemewa na katoni za maji. Trei ya chini kabisa ilikuwa imeanza kuvuja njano. Mama mwenye duka alikuja akatazama bidhaa zimetandazwa kwenye vumbi lake, akauliza kama tumehama nyumba.

Halafu kuna jambo ambalo ofisini hawalijui kwa sababu hawajawahi kulibeba. Ukishusha mzigo wa watu wanne barabarani, unaurudisha kwa haraka, na haraka haihesabu. Mbezi nilifika na ndoo saba. Ya nane ilikuwa Magomeni, kivulini chini ya mwavuli wa muuza vocha, ambaye alidhani tumemwachia aitunze.

Ubaya ni kwamba sheria yenyewe mtoto anaweza kuishika: cha mwisho kushuka kinapanda kwanza. Makonda wa daladala wanaijua. Umewahi kumwona abiria anayeshuka kituo cha pili akajipenyeza hadi siti ya nyuma kabisa, dirishani, kwa sababu anapenda upepo? Gari zima linainuka kumpisha, vikapu vinapanda magotini, mtoto anaamka analia, na konda anamwambia maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Sukari ya Magomeni ndiye yule abiria.

Nikasema basi, dawa ni karatasi. Kesho yake nikaiandika orodha kichwa chini: Mbezi juu, Magomeni chini, ili makuli waendelee kusoma kama walivyofundishwa na mzigo ukae kama ninavyotaka. Ilifanya kazi vizuri mno stooni. Tatizo ni kwamba niliiacha karatasi hiyo mezani kwa bosi. Bosi akaiona Mbezi iko namba moja, akampigia mteja wa Mbezi: "Mama, leo wewe ndiye wa kwanza, saa mbili na nusu gari liko mlangoni." Saa mbili na nusu gari lilikuwa Magomeni. Saa tatu Manzese. Kila kituo simu inaita, mama wa Mbezi anauliza nimefika wapi, nami namjibu nakaribia, jibu la madereva wote tangu gari lianze kutembea.

Siku hizi tunakuwa na karatasi mbili. Ya kushushia inabaki kwangu, na ya bosi inafanana nayo. Ya kupakilia ni ya utingo, imegeuzwa, na juu yake imeandikwa kwa makapeni PAKIA HII. Kila mzigo nao unaandikwa namba ya kituo, upande unaotazama mlango. Namba ikiandikwa juu ya katoni, katoni nyingine ikiikalia umeandika bure.

Lakini usidhani kugeuza orodha kunamaliza kazi. Kuna uzito. Tukigeuza kama kasuku, ya Magomeni inakaa mlangoni kabisa, yaani kilo 200 za sukari na kreti kumi za soda zilizojaa, zote zikining'inia nyuma ya tairi za nyuma. Niliwahi kulipeleka gari hivyo. Pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto, na pale Jangwani kwenye mabonde ya lami unageuza usukani na gari linafikiri kwanza kabla ya kukutii. Mzigo mzito unataka kukaa chini, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Mpangilio wa vituo unautaka mlangoni. Hapo ndipo wawili hawa wanapogombana kila asubuhi, na mimi ndiye mwenyekiti wa baraza la usuluhishi nisiyelipwa posho.

Kilichotuokoa ni mlango wa ubavuni. Haisi yetu ina mlango wa kuburuta upande wa kushoto, upande huohuo unaoelekea kando ya barabara, nao unafunguka mara tu nyuma ya siti ya mbele. Kwa miezi minne haukufunguka kwa sababu kigurudumu chake kilikuwa kimekwisha. Nilimwambia bosi, akasema mbona wa nyuma upo. Baada ya ile siku ya ndoo saba alitoa hela ya fundi bila kubishana, maana ya nane ilimlazimu kulipia bodaboda kwenda Mbezi.

Sasa tunapanga hivi. Mafuta ya Mbezi, ndoo nane, yanaingia kwanza, sakafuni upande wa kulia nyuma ya kiti changu. Upande wa kushoto, pale pale penye mlango wa ubavuni, tunapaacha patupu kwanza. Sembe ya Kimara inafuata katikati, kisha maji ya Ubungo karibu na mlango wa nyuma, na juu ya maji tunaweka boksi lililotandazwa, kisha mafungu mawili ya mayai ya Manzese, trei kumi kumi, yamefungwa kamba. Mwisho kabisa sukari na soda za Magomeni zinaingia kwa ubavuni. Zimekaa kati ya tairi, ziko chini, na ni za kwanza kutoka. Jumla ya gari zima haifiki tani moja, na usukani umerudi kuwa usukani.

Tazama mayai yalivyokaa juu ya maji. Yanaruhusiwa kwa sababu Manzese inatangulia Ubungo. Kinachokaa juu lazima kishuke kabla ya kilicho chini yake, kwa hiyo hata ngazi ya juu na chini ni foleni. Ingekuwa mayai yanakwenda Mbezi, yangetupasa kuyapa pembe yao wenyewe au kuyainua kila kituo kama maiti wa kifalme. Na sisemi pale yalipo yana raha. Nyuma ya tairi ndiko gari linakorusha zaidi, kwa hiyo hadi Manzese kila tuta napanda kwa dua na gia ya kwanza.

Faida nyingine ya ubavuni sikuitegemea. Magomeni wakipokea soda wanarudisha kreti kumi tupu. Zamani kreti hizo zilipita mlango wa nyuma, zikakaa mlangoni, na ghafla Manzese ikawa imezibwa na chupa tupu za Magomeni. Wanaopanga orodha ofisini hawaandiki kinachorudi, wanadhani gari linapungua tu. Sasa kreti tupu zinaingia kwenye tundu lile lile zilimotoka zilizojaa.

Ukishapanga yote hayo kwa akili nyingi kiasi hicho, simu inaita. Ni Manzese. "Kaka, leo nimefunga, nina msiba Tandale, nipitie jioni." Pole sana, mama. Namba mbili imekuwa namba tano, na mayai yake yamekaa juu ya maji ya Ubungo. Ndiyo maana naacha uchochoro, nafasi ya mtu mmoja kupita akiwa ubavu ubavu, kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye sembe. Mtu akibadilisha zamu, utingo anapita humo, anahamishia mayai juu ya sembe, na tukifika Kimara anayateremsha kwanza sakafuni palipobaki wazi. Ni kero, lakini ni kero ya vitu viwili, si ya 26.

Bosi aliuona uchochoro huo juzi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akautazama kama mtu aliyeona kiwanja hakijajengwa. "Hapo si inaingia mifuko mingine miwili ya sukari?"

"Inaingia, bosi."

"Sasa?"

Nikamwambia tukiijaza hiyo, Manzese akifiwa tena tutashusha Ubungo nzima barabarani. Akafikiri. Akasema watu hawafiwi kila siku. Mifuko miwili ikaingia, ya mteja mpya wa Kibamba, ambako ni mbele zaidi ya Mbezi. Yaani ya mwisho kabisa kushuka, imekaa mlangoni.

Kwa hiyo, mama wa Mbezi, ukisoma hapa usinipigie tena. Mafuta yako yamo, ndoo nane kamili, nyuma ya kiti changu, yalipanda kabla ya vitu vyote. Nikiwahi sana ni saa nane mchana.