Mwalimu Hakusema Mchukue ya 2%

Wanadarasa wa jioni, nimekaa kimya nikitumaini mtasahihishana wenyewe, maana mko wengi na kila mmoja ana kikokotoo kwenye simu. Badala yake mmetumiana vikatuni vya kucheka na ujumbe wa sauti ambao nusu yake ni honi za daladala. Sasa kiongozi wa darasa ananiomba "ufafanuzi mfupi". Mfupi hautakuwa.

Chanzo cha yote ni picha. Mmoja wenu alipiga picha ukurasa wa notisi za wiki iliyopita, kidole gumba kikafunika upande mmoja, akairusha kwenye kundi na maelezo yake: "Mwalimu kasema mkopo wa 2% ni nafuu kuliko wa 3%." Kabla sijaamka, mwenzenu anayetaka mkopo wa kununulia friji ya dukani alikuwa ameshashauriwa na watu ambao hata mahudhurio yao nayatilia shaka. Mwalimu hakusema hivyo. Mwalimu aliandika 2% kwa riba isiyopungua, na 3% kwa riba inayopungua. Bahati mbaya maelezo hayo ndiyo yaliyolala chini ya kidole.

Turudi kwenye mfano wenyewe. Umekopa shilingi 1,200,000, unalipa kwa miezi 12. Kwenye riba isiyopungua, 2% inapigwa kila mwezi kwenye mkopo wote wa mwanzo, hata kama umeshalipa sehemu kubwa. Hiyo ni 24,000 kila mwezi, jumla 288,000 kwa mwaka. Ukichanganya na 100,000 ya kupunguza deni, rejesho lako ni 124,000, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwenye riba inayopungua, 3% inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Ukipunguza deni kwa 100,000 ileile kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 36,000, ya pili 33,000, ya tatu 30,000, inateremka hivyo mpaka mwezi wa mwisho inakuwa 3,000. Jumlisheni polepole, msiruke mstari: 234,000. Kwa hiyo ile 3% mnayoikimbia ni nafuu kwa shilingi 54,000 kuliko 2% mnayoipigia makofi. Kwani hesabu hii haikuwa kwenye notisi? Ilikuwa ukurasa unaofuata, na ukurasa unaofuata haukupigwa picha.

Hapo akajitokeza mtaalamu wenu. Kila darasa linaye. Akaandika, kwa herufi kubwa kana kwamba nina tatizo la macho, kwamba 288,000 ukigawanya kwa 1,200,000 unapata 24%, ukigawanya kwa miezi 12 unapata 2%, "SASA TATIZO LIKO WAPI MWALIMU?" Kugawanya kwake hakuna kasoro. Kasoro iko kwenye 1,200,000. Pesa hiyo hukukaa nayo mwaka mzima. Ulikuwa nayo yote mwezi wa kwanza tu; mwezi wa saba unadaiwa 600,000, mwezi wa mwisho 100,000. Ni sawa na kupanga nyumba ya vyumba 12, kila mwezi unamrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba kimoja, lakini kodi anakudai ya nyumba nzima. Na wewe unalipa, tena unashukuru kwamba kodi haijapanda.

Ukitaka kujua ile 2% isiyopungua ingekuwa asilimia ngapi kama riba ingepigwa kwenye deni lililobaki, chukua rejesho la 124,000 ulipeleke kwenye Excel. Wenye kompyuta waandike hivi:

```
=RATE(12,-124000,1200000)
```

Alama ya kutoa ni ya pesa inayokutoka. Mtu ataisahau, atapata kosa, atanitumia ujumbe usiku. Jibu langu ni hilo hapo. Excel itaonyesha 3%, kwa sababu inapenda kuficha desimali. Ongezeni sehemu mbili za desimali mtaona karibu 3.48% kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na 3% ya mkopeshaji mwingine, siyo 2% iliyoandikwa kwa wino mwekundu ukutani.

Kisha kuna dada aliyeuliza swali la maana, likazikwa chini ya picha za asubuhi njema. Alisema kule alikoenda wanakata ada ya 3% kabla ya kukupa pesa. Basi tukokotoe. Ada ni 36,000, kwa hiyo mkononi unapokea 1,164,000, lakini riba inapigwa kwenye 1,200,000 kamili na rejesho linabaki 124,000. Kwenye ile fomula badilisheni 1200000 muweke 1164000. Jibu ni 4% kwa mwezi, karibu kabisa. Mkopo ulioingia mlangoni ukiitwa 2% umetoka ukiwa 4%, na hakuna aliyedanganya. Kila kitu kimo kwenye fomu. Wamarekani walichoka na michezo hii wakatunga sheria mwaka 1968 inayomtaka mkopeshaji atangaze riba ya mwaka kwa namna moja, pamoja na ada za kukopa, ili watu walinganishe. Ninyi mna Excel.

Kosa lingine ni la wale wanaojisifu kwamba watamaliza deni mapema wakwepe riba. Kwenye riba inayopungua, ndiyo: deni likiisha, riba haina pa kushikilia. Kwenye isiyopungua inategemea mkataba. Umelipa marejesho sita, umebakiza deni la 600,000, umepokea mchezo wa upatu unataka kumaliza. Kama mkataba unadai riba yote, utaambiwa ulete 744,000, yaani na ile 144,000 ya miezi ambayo hutakuwa na pesa yao. Kuwahi kumeongeza bei ya mkopo. Kipengele hicho kinasomwa kabla ya kusaini, siyo baada.

Sasa msiniharibie tena mkaandike "Mwalimu kasema riba isiyopungua ni kausha damu." Sikusema. Mkiletewa 1% isiyopungua kwa mkopo uleule, bila ada, riba yote ni 144,000, na hiyo inaishinda 3% inayopungua mchana kweupe. Nilichosema, na ninachorudia kwa gharama ya kikombe changu cha chai kinachopoa, ni kwamba viwango viwili vya riba vinavyopigwa kwenye vitu tofauti havilinganishwi kwa kutazama kipi kidogo.

Bwana wa friji, washauri wako wapumzike. Ukifika kule uliza mambo matatu: ninapokea kiasi gani mkononi, rejesho ni kiasi gani na mara ngapi, na nikimaliza katikati ninadaiwa nini. Afisa mikopo akikujibu kwa asilimia, rudia swali, umwambie unataka jibu la shilingi. Majibu mawili ya kwanza yanatosha kwa ile fomula.

Na kwa aliyeuliza saa tano za usiku kama hili litatoka kwenye mtihani: litatoka, namba zitakuwa tofauti, na atakayekosea jibu nitampa alama za njia. Afisa mikopo hatoi alama za njia.