Barua ya Muuza Mchele kwa Meneja wa Benki

Mheshimiwa Meneja,

Naomba shilingi 1,350,000, bei ya magunia sita ya kilo mia. Nauza kilo 160 kwa siku, shilingi 2,500 kila kilo. Afisa wenu mwenye tai alizidisha kwa siku 26, akapata milioni kumi na ushee, akanitazama kama tajiri aliyejificha ndani ya kanga. Alisahau kwamba mchele huo nami nanunua, shilingi 2,250. Zinabaki 40,000 kwa siku. Pango, ushuru na kibarua hula 18,000, wanangu 12,000. Rejesho litoke kwenye 10,000 iliyosalia, yaani 260,000 kwa mwezi. Ninyi mmenipangia 600,000. Labda afisa atakuja kuniongezea.

Stoo nina magunia manne, hayamalizi siku tatu. Mama ntilie wananidai subira, mimi nawadai 300,000, ila hizo sizihesabu, maana hulipwa wali ukiuzika.

Mwaomba hati ya nyumba. Ningekuwa nayo, Mheshimiwa, ningekuwa mwenye nyumba, nanyi mngekuja kupanga tawi kwangu.

Wako mtiifu,
Mama Mchele, Tandale