Shangazi Anajibu: Mpiga Picha Kashika Pesa, Tarehe Kashika Nani?

*Shikamoo Shangazi. Harusi yetu ni Jumamosi, 12 Desemba 2026, hapa Dar es Salaam. Mpiga picha anataka shilingi 1,500,000 zote sasa hivi, mpambaji naye anataka 3,000,000 zote, na kila mmoja anasema nisipolipa tarehe itachukuliwa na mwingine. Kamati imegawanyika. Nifanyeje? Bwana Harusi Mtarajiwa, Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuniandikia mimi na si kumuuliza mjomba wako, maana wajomba kwenye harusi hushughulika na mambo mawili tu, vinywaji na meza ya mbele. Yaliyobaki yote nayajua mimi. Wako wanaosema najisifu, nami nawahurumia, kwa sababu kumtaja gwiji bila kumsifu ni kazi ngumu hata gwiji akiwa ni mimi mwenyewe. Sasa tulia, nikupe hoja ambayo kamati yako nzima haijaifikia pamoja na vikao na soda zote hizo: kinachomleta mpambaji ukumbini si pesa uliyokwisha kumlipa, ni ile ambayo bado hajaiona. Jumamosi ya Desemba ni moja, na mpiga picha mwili wake ni mmoja. Akishakuwa na milioni moja na nusu yako mfukoni, akapigiwa simu na mwenye milioni tatu, kukutosa kutamgharimu ujumbe mmoja tu wa kuomba radhi. Lakini usipompa chochote, atakuwa mjinga kukuwekea siku, kwa maana kila anayemkataa kwa ajili yako ni riziki anayoiacha ipite. Malipo ya awali basi ni bei ya kuwakataa hao wengine, na ndiyo sababu ni haki yake kubaki nayo wewe ukiingia mitini. Theluthi moja au pungufu kidogo inatosha.

Njia ya uhakika kuliko zote, niliyoibuni kwa akili zangu, ni kumwoza mpiga picha dada yako mwezi Novemba. Hapo asipotokea atakuwa hajakosa kazi, amekosa harusi ya shemeji, na wakwe hawasahau. Kama huna dada wa kutoa, tumia karatasi.

Utaniambia risiti unayo. Isome tena. Risiti nyingi zinasema "nimepokea shilingi 450,000 kwa ajili ya kazi ya picha" na kuishia hapo; siku haimo, saa haimo, mtu hayumo. Hiyo inathibitisha kwamba pesa imehama, haithibitishi kwamba Jumamosi yako imeshikwa, na ujumbe wa M-Pesa nao hausemi zaidi ya hayo. Karatasi yenye manufaa inataja tarehe na ukumbi, saa ya kuanza na ya kumaliza, jina la mtu atakayeshika kamera, na siku ya kukabidhi picha. Jina ndilo wengi wanalolisahau, na ndilo tundu wanalopitia wenye majina makubwa: wanapokea harusi tatu kwa siku moja, mbili wanawapelekea vijana wanaojifunza, na kisheria hawajavunja neno kwa sababu uliajiri studio, hukuajiri mtu. Gawa malipo hivi: 450,000 siku ya kusaini, 600,000 akifika na kamera zake, na 450,000 za mwisho ukikabidhiwa picha na albamu. Bila hizo za mwisho, albamu utaiona mtoto wenu wa kwanza akianza darasa la kwanza.

Kuna watakaosema kumdai mtu karatasi ni kumtukana, hasa akiwa ndugu au mlisali pamoja. Mimi, ambaye busara yangu inatosha mikoa miwili, nasema ndugu ndiye wa kwanza kuandikiana naye, maana mgeni akikukosea utamdai, ndugu akikukosea utaitiwa kikao. Kama aibu inakuzidi, mwandikie WhatsApp makubaliano yote katika ujumbe mmoja, umwombe ajibu "nimekubali". Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa namna hiyo unapokelewa mahakamani, kwa hiyo usifute mazungumzo hayo hata bibi harusi akisema simu imejaa. Ila usijichangamshe ukaandika kwamba asipokuja atalipa fidia ya milioni hamsini. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinakupa fidia inayostahili, na kiasi mlichokiandika kinakuwa ndio ukomo wake tu. Andika kwamba atarudisha alichopokea na kulipa tofauti ya bei ya atakayechukua nafasi yake. Kiasi hicho unaweza kukionyesha kwa risiti. Machozi ya mama mkwe ni vigumu kuyapigia hesabu.

Mpambaji ni habari nyingine, na hapa anayepinga kubakiza pesa ana hoja ya kweli. Huyu hutumia pesa kabla ya siku: ananunua maua, anakodi viti, analipa gari. Ukimzuilia nusu ya pesa hadi jioni utaona ukumbi mtupu, na ubaya wake hautakuwa ubaya bali ukata. Tena naye ana woga wake halali, kwa sababu kamati nyingi huvunjwa usiku ule ule, na baada ya hapo deni la mpambaji halina mwenyewe. Kwa hiyo mpe 900,000 akisaini, 1,500,000 wiki moja kabla, na 600,000 zilizobaki akae nazo mweka hazina pale pale ukumbini. Saa nane mchana wazunguke pamoja na orodha mkononi, viti vingapi, vitambaa rangi gani, maua halisi au ya plastiki, kisha alipwe papo hapo. Asipolipwa, mkataba umruhusu kuzima taa zake. Andikeni pia habari ya msiba, kwa maana ukitokea kwenye familia harusi itasogezwa: malipo ya awali yahamie tarehe mpya mara moja tu, mradi siku hiyo awe hana kazi nyingine.

Kuhusu mpiga picha au mpambaji wa akiba, usimlipe mtu wa pili akae bure. Huo ni utajiri ambao barua yako haikuuonyesha. Mpiga picha mwenyewe aandike kwenye mkataba jina la mwenzake atakayemshikia, kwa gharama yake, nawe umpigie huyo mwenzake umuulize kama tarehe 12 ana nafasi, kwani wengi huandikwa bila kujua. Kwa mpambaji uliza swali moja zaidi: viti na vitambaa anakodi wapi? Wapambaji wawili wanaokodi stoo moja ni mpambaji mmoja mwenye simu mbili. Stoo ikiishiwa, wa akiba naye ameishiwa, na Desemba stoo huishiwa mapema.

Ningeendelea, maana kipaji bado kimejaa, lakini mhariri ananionyesha saa. Ukumbi na kanisa au shehe wathibitishe tarehe kwanza, halafu ndipo saini, halafu ndipo pesa. Na wewe wa Mbagala uliyeuliza kama keki ya ghorofa saba inaweza kukodishwa: ndiyo, sita za chini ni maboksi. Mwambie bwana harusi akate ya juu.