F12 Mbele ya Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi alikuwa bado ameshika mkasi wa kukatia utepe wakati mtoto wa kidato cha pili alipoipindua serikali ya kompyuta yangu. Ni juzi tu, na kila nikikumbuka masikio yanapata moto.

Kompyuta yenyewe imewekwa mlangoni mwa maktaba ili msomaji atafute kitabu na kujua kipo rafu gani, basi. Ukiiwasha inaingia moja kwa moja kwenye katalogi. Hakuna pa kutokea, hakuna karata za kucheza. Nilikuwa nimemaliza kumweleza mgeni rasmi, kwa sauti ya mtu anayesubiri makofi, kwamba mashine hii haichezewi na kwamba hata BIOS yake ina nywila. Akatikisa kichwa kama wanavyotikisa watu ambao hawajaelewa lakini wameridhika.

"Shikamoo, mjomba," mtoto akasema. "Naomba nijaribu?"

Nikamwambia marahaba, jaribu. Akatoa mfukoni flashi iliyofungwa kwa uzi wa kiatu, akaichomeka, akashikilia kitufe cha kuwashia mpaka kioo kikawa cheusi. Akawasha upya huku kidole kikidonoa F12 bila kupumzika. Kikatokea kisanduku cha kijivu chenye mistari miwili: wa juu diski yetu, wa chini flashi yake. Akashuka mstari mmoja, akabonyeza Enter. Punde ikafunguka Ubuntu, mfumo mzima ukitokea kwenye kile kiflashi, na kwa kuwa diski yetu haikuwa imesimbwa, akaingia humo na kufungua faili la kwanza aliloliona. Lilikuwa bajeti ya hafla ile ile. Mgeni rasmi, ambaye kwenye mambo ya kompyuta alikuwa ameniachia, kwenye bajeti hakuhitaji mkalimani.

"Kuku 80?" akauliza, akiitazama meza ya sambusa.

Mkutubi akanigeukia mimi, si mhasibu. "Fundi, si ulisema umeifunga?"

Nilikuwa nimeifunga! Hapo ndipo panaponiuma, na hapo ndipo nilipokosa usingizi, kwa hasira kwanza, halafu, nakiri, kwa raha.

Maana umeme ukiingia kwenye kompyuta, Windows haipo. Imelala kwenye diski pamoja na nywila zake zote na ule ukurasa wa katalogi usio na pa kutokea. Kinachoamka ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu. Ya zamani tuliiita BIOS, ya sasa ni UEFI, ingawa mafundi tunaendelea kusema BIOS kwa mazoea. Hiyo ndiyo inayokagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha inafungua orodha yake na kuuliza: leo tunaanzia wapi? Orodha hiyo unaweza kuiona kwa macho ukiwa ndani ya Linux, kwa amri ya `efibootmgr`. Kwenye flashi ya yule mtoto ingesomeka hivi:

```
BootCurrent: 0003
BootOrder: 0001,0003
Boot0001* Windows Boot Manager
Boot0003* UEFI: USB
```

Flashi imewekwa nyuma ya diski, kama nilivyoipanga mwenyewe, na bado mstari wa juu unakiri kwamba safari hii tumewaka kwa namba 0003. Kuiweka flashi mwisho wa foleni hakumaanishi imekatazwa. Maana yake ni kwamba itasubiri mpaka mtu aiite. Ikiitwa, UEFI inatafuta ndani yake faili moja tu, `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`, na ikilipata inalikabidhi mashine nzima.

Na nywila yangu je? Ilikuwa kazini. Nywila ya msimamizi inalinda ukurasa wa mipangilio: huwezi kubadili orodha bila kuijua. Lakini F12 haibadili orodha. Ni sawa na daladala iliyochorwa ruti ubavuni: kubadili mchoro kunataka kibali, ila dereva akiamua kukatisha ruti kwa safari moja, mchoro unabaki vile vile na abiria mmejikuta kwingine. Kwenye mashine hii kipo kipengele kinachotaka nywila ya msimamizi hata kwa F12, kimefichwa kurasa mbili mbali na nywila yenyewe, na kilitoka kiwandani kikisema No.

"Lakini kuna Secure Boot," kijana mmoja wa mauzo alinijibu kwa simu, kwa upole wa kumwelekeza mgonjwa. Secure Boot ilikuwa imewashwa, ndugu yangu. Kazi yake ni kuuliza kama programu ya kuwashia ina sahihi inayotambulika, na Ubuntu inayo: kipande chake cha kwanza, kiitwacho shim, kimetiwa sahihi na Microsoft. Mtoto alipita getini na kitambulisho halali.

Basi nikaanza upya. Nikazima kabisa kuwaka kwa USB, ili flashi isionekane hata kwenye kisanduku cha F12. Nikazima kuwaka kwa mtandao, kwa sababu mwenye kebo na kompyuta yake ya mkononi naye ni mgeni. F12 nikaiwekea nywila. Ile nywila nyingine ya kuwashia, inayodaiwa kila asubuhi kabla mashine haijafanya lolote, nikaiacha. Vinginevyo mkutubi angenipigia simu kila siku kabla sijanywa chai.

Kisha nikajaribu, na jaribio lenyewe si F12 peke yake. Kwenye ukurasa wa kuingilia Windows, ukishikilia Shift ukachagua Restart, inakuja menyu ya buluu yenye Use a device. Hapo Windows yenyewe inaiandikia UEFI ujumbe: ukiwaka tena, anzia kwenye flashi. Hakuna nywila ya Windows inayodaiwa. Ndiyo maana kuzima F12 tu kungekuwa kuziba tundu moja la chujio. Kuwaka kwa USB kukishazimwa, ujumbe huo hauna pa kufikia.

Katikati ya hayo nilizima pia matundu yote ya USB kwa bidii iliyopitiliza, kibodi ikafa.



Linaloniudhi sasa si mtoto. Yeye alionyesha, akang'oa flashi, akasema asante mjomba. Linaloniudhi ni kasha. Ukitoa skrubu mbili ubavuni unakutana na betri ya duara, CR2032, na karibu yake pini za kufutia mipangilio. Kwenye baadhi ya mashine nywila haifutiki kwa kutoa betri, ila mtengenezaji kaacha pini maalumu za kuifuta. Kwenye nyingine, hasa za bei nafuu, betri ikitoka, au ikizeeka tu ikafa yenyewe, mipangilio inarudi ya kiwandani, na USB inaamka. Kazi yote hiyo inasimama juu ya skrubu mbili. Nyuma ya kasha kuna kitanzi cha chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya kufuli, kiko wazi, kinanitazama.

Nikaandika barua ya kuomba kufuli moja la kawaida la dukani. Kamati iliyolipia bango la hafla lenye picha za wajumbe wote, na wale kuku, ilikaa kikao ikaijadili. Jibu limekuja na mhuri: fungu la kufuli halipo mwaka huu, fundi aongeze paswedi.