Pea Tatu, Wateja Watano

Duka moja la viatu Kariakoo lilikuwa na pea 3 za raba nyeupe namba 39. Zilikuwa zikiuzwa mahali pane: dukani, Instagramu, Wasapu na kwenye soko la mtandaoni. Kila mahali pameandikwa "zimebaki 3", kwa hiyo mjini zilionekana pea 12.

Jumamosi oda zikamiminika. Moja ikatoka soko la mtandaoni, moja Instagramu, mbili Wasapu. Kijana wa kaunta, asiyejua lolote la simu ya bosi, akamuuzia dada mmoja pea aliyoivaa papo hapo akaondoka nayo. Hata saa saba mchana haijafika, pea 3 zilikuwa na wenyewe watano. Mwenye duka akajikuta kama dalali aliyeuza kiwanja kimoja kwa koo mbili.

Akakimbilia stoo kuokoa pea mbili zilizobaki. Boksi la kwanza lilikuwa na kiatu cha kushoto peke yake. Cha kulia kilikuwa dirishani, kimepigwa na jua mpaka kimekuwa rangi ya siagi. La pili lilikuwa na kushoto namba 39 na kulia namba 38.

Daftari lilisema 3, matangazo 12. Kiatu cha kuuzika kilikuwa pea 1 tu, nayo ilikwisha kupanda daladala.

Jioni mpwa wake, karani wa ghala, akaja na kalamu. "Mjomba, idadi ya kutangaza siyo idadi ya maboksi." Akachukua mfano wa ndala nyeusi namba 40. Maboksi yalikuwa 10. Akatoa 3 zenye oda ambazo hazijachukuliwa, akatoa 1 iliyoachia gundi, kisha akatoa 2 za tahadhari, kwa sababu pea ikiuzwa huku, tangazo la kule huchelewa kubadilika. Zikabaki 4, na hizo 4 ndizo za kuandika kila mahali.

Akampa pia kila mtindo, rangi na saizi namba yake moja, ile ile kwenye boksi na kwenye kila tangazo. Oda hupunguza hesabu inapowekwa, siyo boda anapoondoka. Isiyolipwa kwa saa mbili hurudishwa.

"Si kuna programu ya kufanya haya?" mjomba akauliza.

Ipo, lakini haioni maongezi ya Wasapu wala mauzo ya kaunta mpaka mtu ayaingize. Ikionyesha baki hasi, kwa mfano -1, maana yake kuna mteja aliyeuziwa hewa, na apigiwe simu kabla hajapiga yeye.

Mwenye duka unayesoma haya, usiiamini namba ya kwenye kava la boksi. Leo kabla ya kufunga, fungua boksi la mwisho la kila saizi, utazame kama lina kulia na kushoto.