Jinsi ya Kumwagiza Mwandishi wa Maelekezo Asiiharibu Biriani Yako

Mwenye mgahawa, kabla hujatuma agizo la kionjo cha video ya usiku wa ufunguzi, futa neno "ipendeze". Futa na "ya kisasa". Mwandishi wa maelekezo anailisha programu ya akili mnemba maneno, na pale maneno yanapokosekana, programu hujaza yake. Wewe unafungua Mji wa Kale, Mombasa, kwa meza za mbao na feni za dari. Utaletewa ukumbi wa dhahabu wenye vinara vya kioo.

Anza na muda. Veo 3 ya Google, kwa mfano, hutoa video isiyozidi sekunde 8 kwa mkupuo. Humo hawaenei mpishi, mlango, wageni na hotuba ya mzee wa mtaa. Ukiwarundika wote, sura za watu huweza kubadilika katikati na vidole vikazidi. Chagua tendo moja: mfuniko unafunuliwa, mvuke unapanda, basi.

Kisha kieleze chakula kwa umbo na rangi, maana jina peke yake halitoshi. Ukiandika "biriani" tu, huenda ikaja ile ya Bara Hindi, nyama imefukiwa ndani ya wali. Ya kwetu wali uko mbali na rojo liko mbali. Kwa hiyo agizo lisomeke hivi: "Sinia pana juu ya meza ya mbao. Wali wa punje ndefu, nyeupe kwa manjano. Pembeni yake rojo zito la kuku, jekundu la kahawia, limenyunyiziwa vitunguu vilivyokaangwa vikakauka. Kando, kachumbari na vipande vya ndimu. Mkono mmoja unainua mfuniko wa sinia, mvuke unapanda. Mwanga wa taa ya manjano kutoka kushoto. Kamera inasogea mbele polepole. Video ya wima, 9:16."

Ambatanisha na picha ya sinia lenyewe, mfuniko umeinuliwa kidogo na chakula kinaonekana, uliyopiga kwa simu jikoni kwako. Mwandishi anaweza kuifanya picha ya kwanza ya video, na programu ikaanzia kwenye chakula chako badala ya kubuni cha kwake.

Jina la mgahawa na tarehe usiagize viandikwe ndani ya video. Herufi huweza kupinda, na "Karibuni" ikatoka "Karibnui". Mwambie aache nafasi tupu juu, maandishi yawekwe wakati wa kuhariri.

Video ikiletwa, isimamishe mwanzo, katikati na mwisho. Hesabu vidole na vipande vya kuku. Vidole vikizidi, au vipande vikiongezeka bila mtu kupakua, irudishwe. Halafu mwite mpishi wako aitazame. Akisema sahani ile hawezi kuipakua usiku wa ufunguzi, usiirushe, kwa sababu mteja atakuja kuidai hiyo hiyo.