Freza ya Shangazi na Uzi wa Gitaa

Binamu yangu anaamini kwamba kitu chochote kisichokaa sawa kimelegea, na dawa yake ni kukazwa. Bomba la jikoni alilikaza hadi likang'oka. Kwa hiyo aliposikia gitaa langu likilia vibaya, alilichukua kwa moyo safi kabisa, akaomba nimwonyeshe mahali pa kukazia.

Nilimwelekeza uzi mwembamba wa chini. Unabana uzi wa pili kwenye freti ya tano, unaupiga pamoja na ule mwembamba ukiwa mtupu, kisha unasikiliza. Zote mbili zinatakiwa zitetemeke mara 330 hivi kwa sekunde. Zikikaribiana bila kufikiana, husikii sauti mbili. Unasikia moja inayopanda na kushuka, waa, waa, waa, kama mtoto anayelia chumbani huku mtu anafungua na kufunga mlango. Kuna wakati nyuzi zote mbili zinaisukuma hewa kwa pamoja, sauti ikavimba. Halafu mmoja unasukuma huku mwenzake anavuta, sauti ikafifia. Idadi ya hayo mapigo ni hesabu ya kutoa tu. Uzi mmoja ukiwa 330 na mwingine 326, utasikia mapigo 4 kila sekunde.

Binamu akakaza. Mapigo yakapungua: manne, mawili, moja refu la kuvutia, kisha kimya. Hapo ndipo mtu huinua mkono. Yeye akaendelea. Mapigo yakarudi, moja, mawili, manne, akatabasamu: "Sasa linaitikia!" Tatizo ni kwamba 334 nayo ni tofauti ya 4. Mapigo yanakwambia umekosea kwa kiasi gani, hayakwambii umekosea upande gani. Ili ujue, unageuza kidogo tu: yakipungua kasi, endelea, yakiongezeka, rudi ulikotoka. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumweleza hayo uzi ulipokatika, ukamchapa kwenye kidevu. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempiga.

Nikafunga uzi mpya, nikahamia sebuleni kwa shangazi kwenye utulivu. Huko nikakutana na mkasa wa pili, nao ulinitesa zaidi. Nilibana uzi mnene kabisa kwenye freti ya tatu, nikaupiga peke yake. Ukalia vizuri, na ulipoanza kufifia, ukaanza: waa, waa. Mara mbili kwa sekunde. Uzi mmoja! Mapigo yanahitaji sauti mbili, kama ugomvi. Nikaziziba nyuzi nyingine zote kwa kiganja, waa, waa. Nikauangalia uzi kama una kutu, hauna.

Mwenzake alikuwa kwenye kona: freza ya shangazi, ile anayogandishia barafu za ukwaju. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, na kila mzunguko huivuta sumaku ya mota mara mbili, kwa hiyo mashine ya namna hiyo inanguruma kwa mitetemo 100. Noti yangu ya freti ya tatu ni 98. Toa mwenyewe. Mwanzoni uzi ulikuwa na nguvu kuliko freza, ndiyo maana sikusikia kitu. Mapigo husikika vizuri pale sauti mbili zinapokaribiana kwa ukubwa pia, na uzi ulipofifia ukawa saizi ya freza.

Nikaomba tuizime kidogo. "Mwanangu," shangazi alisema bila kugeuka, "ukiigusa hiyo, na wewe utaganda."

Kisha umeme ukakatika. Mtaa mzima ulilalamika kwa sauti moja, isipokuwa mimi. Gizani nilizilinganisha nyuzi zote sita, moja baada ya nyingine, mapigo yakirefuka hadi yakaisha, na uzi mnene ukalia peke yake bila mtu wa kubishana naye. Ule mpya tu ndio ulionisumbua: uzi mpya hurefuka, kila baada ya muda mfupi ulishuka na waa, waa ikarudi, ikabidi niuvute kwa vidole na kuukaza tena.

Umeme uliporudi, freza ikaamka na noti yangu ikaanza kuyumba upya. Nikajaribu kuhama. Freti ya nne ni karibu 104, mapigo yakawa manne, mabaya zaidi. Freti ya tano ni 110. Huko ni kumi kwa sekunde, hata hayahesabiki, ni mkwaruzo tu. Nikamweleza shangazi kwa heshima zote kwamba freza yake inapiga noti ambayo haimo kwenye gitaa lolote lililolinganishwa vizuri, na kwamba ingefaa ihamie jikoni.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Freza inalipa ada ya shule," akasema. "Hilo gitaa lako linalipa nini? Hama wewe."